Kukubali Jina si Kulisahihisha: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Mashirika ya Ndege Yanayotua Manda

Kwa wakuu wa mashirika ya ndege yanayotua Manda, na kwa mawakala wa tiketi wa Lamu na Mombasa.

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Mimi nina kibanda Langoni, hapa Lamu. Natoa fotokopi, napiga chapa, na wasiotaka kuhangaika na simu huja nikawakatia tiketi. Za basi hazina tabu. Pale Mokowe makarani huandika "Bi Fatma na mtoto" na safari ikaenda, na askari wa vizuizini hutaka kuona kitambulisho, hawana haja na tiketi. Za ndege ndizo zinazonitoa jasho, na zaidi ya bei ni lile jambo dogo la herufi moja iliyozidi au iliyopungua katika jina la mtu.

Nawaandikia kwa sababu ya mama yangu mkubwa. Majina yake nimeyageuza nisije nikamtangaza mwanamke wa watu, lakini makosa ni yale yale, kwa idadi na kwa aina. Kitambulisho chake kinasema FATUMA OTHMAN SHEE. Pasipoti yake inasema hivyo hivyo, ila imeyagawa: jina la ukoo ni SHEE, na majina mengine ni FATUMA OTHMAN. Sisi nyumbani tangu tupate akili tunamwita Fatma, na marehemu babake tulimjua kama Athman. Kwa hiyo mwanawe aliye Mombasa alipomkatia tiketi ya Umra aliandika jina kama alivyolisikia maisha yake yote, yaani Fatma Athman Shee. Alikata tiketi mbili mbalimbali. Ya kwanza ilikuwa ya Manda kwenda Nairobi na kurudi, aliyoikata mwenyewe kwa simu. Ya pili ilikuwa ya Nairobi kwenda Jeddah na kurudi, aliyoikata kwa wakala. Zote mbili zilikuwa na kosa lile lile.

Asubuhi ya safari nilimvusha mimi mwenyewe kwa boti hadi Manda. Kijana wa kaunta alishika kitambulisho, akatazama orodha yake, akacheka. "Bibi, wewe ni Fatma au Fatuma?" Mama mkubwa akamjibu, "Mwanangu, mimi ni yule yule." Kijana akampa karatasi ya kupandia, akampokea begi, na sisi sote tukaona ametutendea wema. Nami nilimshukuru, na mpaka leo sina neno baya juu ya adabu yake.

Lakini wema ule ndio uliotuponza. Kijana aliiona tofauti, akaikubali, kisha hakuirekebisha, hakuacha alama yoyote kwenye mfumo, wala hakutuambia, "Angalieni, huko mbele mtakwama." Mama mkubwa alilala Nairobi usiku mmoja kwa jamaa zetu, na ndege ya Jeddah ilikuwa kesho yake saa tano usiku. Tulikuwa na siku nzima ya kazi, ofisi zote ziko wazi, na hatukuitumia kwa kuwa tuliamini jina limeshapita.

Kesho yake saa mbili usiku alifika kaunta ya safari za nje. Pale mambo ni mengine. Pasipoti haisomwi kwa macho peke yake. Huwekwa kwenye mashine inayosoma ile mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha. Kila mstari una nafasi 44, na ule wa juu kwake yeye unasomeka hivi:

```
P<KENSHEE<<FATUMA<OTHMAN<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Herufi P ni pasipoti, KEN ni nchi iliyoitoa, kisha jina la ukoo, alama mbili za kutenganisha, halafu majina mengine. Hilo ndilo jina la mtu kwa mambo ya safari. Viza yake ya Umra ilitolewa kwa jina hilo. Tiketi yake ilikuwa imeandikwa hivi:

```
SHEE/FATMA ATHMAN MRS
```

Dada wa kaunta alisema hawezi. Alisema kwa upole, na baada ya kuuliza sana nimejua kwamba alisema kweli. Shirika likimpeleka abiria ambaye hati zake zina walakini, nchi ya huko inaweza kumkataa uwanjani. Hapo shirika lenyewe ndilo hubeba gharama ya kumrudisha, na mara nyingi hutozwa faini juu yake. Kwa hiyo karani wa safari za nje hapimi kama bibi huyu ni mwongo. Anapima kama karatasi zake zitakwenda pamoja mbele ya mtu mwingine, katika nchi nyingine, asiyejua kwamba Fatma na Fatuma ni jina moja.

Akaelekezwa ofisi ya tiketi ya shirika, hapo hapo uwanjani. Ofisi ikasema tiketi hii imetolewa na wakala, basi aliyeitoa ndiye wa kuigusa. Mwanawe akampigia wakala wa Mombasa, ambaye alikuwa kwake anakula chakula cha usiku. Bwana yule, Mungu amlipe, aliacha sahani akafungua kompyuta. Saa tatu na dakika kumi akatuma ujumbe: jina limesahihishwa. Mama mkubwa akarudi kaunta na furaha yake. Dada akatazama, akatikisa kichwa: bado.

Hapa niwaombe wasomaji wengine wa barua hii watulie kidogo, maana wengi wetu tunaokatia watu tiketi hatulijui jambo hili, nami nilikuwa mmoja wao. Tunasema "tiketi" tukidhani ni kitu kimoja, kumbe ni viwili. Kuna nafasi, ile yenye msimbo wa herufi na tarakimu 6, kama vile mtu aliyeandikwa kwenye daftari kuwa atasafiri. Na kuna tiketi yenyewe, yenye nambari ya tarakimu 13, ambayo 3 za mwanzo ni za shirika. Hiyo ndiyo risiti ya kwamba kiti kimelipiwa, na kwa jina la nani. Wakala alisahihisha daftari. Risiti ilibaki na jina la zamani. Basi mfumo ukawa unamwona Fatuma mwenye nafasi asiye na tiketi, na Fatma mwenye tiketi asiye na nafasi. Ili mambo yaungane, tiketi ilipaswa kutolewa upya kwa jina jipya, na hiyo ni hatua nyingine, yenye kuulizana na shirika kama kuna ada au hakuna. Ilipokwisha kutolewa ilikuwa saa nne na robo. Kaunta ilifungwa saa nne kamili, saa moja kabla ya ndege kuondoka.

Kikundi chake kikaenda bila yeye. Alipata nafasi siku mbili baadaye, kwa kulipa tofauti ya nauli, na akawa anatafuta wenziwe Makka kwa simu. Alirudi salama, alhamdulillahi. Sasa sikilizeni kilichotokea Nairobi wakati wa kurudi Lamu, kwa ile tiketi yake ya ndani ambayo hakuna aliyekumbuka kuirekebisha. Karani wa huko aliangalia kitambulisho, akaangalia jina, akasema halifanani, alipe shilingi 3,000 za kubadilisha jina au asipande. Akalipa. Tiketi moja, shirika moja, kitambulisho kimoja, mwanamke mmoja. Manda alicheka naye kijana, Nairobi akatozwa. Kati ya makarani wenu hawa wawili mmoja alikosea, na mimi sijui ni yupi, kwa sababu sheria mnayoifuata hamjaibandika popote ambapo mtu wa Lamu anaweza kuisoma.

Waheshimiwa, sisemi kwamba sisi hatuna kosa. Tunalo, na ni la kale. Majina yetu yalikuwa majina ya masikio kabla ya kuwa majina ya karatasi, na wengi wa babu zetu walioyaandika waliyaandika kwa herufi za Kiarabu. Ile herufi ya Kiarabu iitwayo swadi, watu wa pwani huitia "sw", basi tuna Swaleh. Karani wa kutoka bara alisikia Saleh, na mwingine akaandika Salehe. Othman, Uthman na Athman ni mtu mmoja. Khadija akifika dirishani kwa karani asiyetamka "kh" hutoka akiwa Hadija. Mtu anapewa kitambulisho akiwa na miaka 18, hakisomi, anakitia mfukoni, na miaka 40 baadaye ndipo anagundua kwamba serikali inamjua kwa jina lisilojulikana mtaani kwake. Ndugu wawili wa tumbo moja na baba mmoja hapa Langoni wana vitambulisho vyenye majina mawili ya baba. Mimi mwenyewe jina langu limeandikwa namna tatu, na moja ya hizo ni kwenye cheti changu cha shule.

Ndiyo maana ile kanuni ya herufi 3 inatufaa, lakini si mara zote. Yako mashirika yanayosema: kosa la herufi zisizozidi 3 ni la tahajia, husahihishwa, likizidi hapo ni jina jingine, na tiketi haihamishwi kutoka mtu hadi mtu. Naielewa kanuni hiyo. Bila yake watu wangenunua tiketi za bei nafuu mapema na kuziuza kwa wengine siku za Maulidi. Tuipime kwa majina yetu basi. Fatma kuwa Fatuma ni herufi 1. Athman kuwa Othman ni herufi 1. Mama mkubwa alikuwa na makosa 2 jumla, yuko ndani. Mohamed kuwa Muhammad: "o" inakuwa "u", inaongezwa "m", "e" inakuwa "a", hizo ni 3 kamili, anaponea chupuchupu. Lakini Abubakar ambaye mtaani ni Bakari? Zinaondoka 3 za mwanzo, inaongezeka 1 ya mwisho, jumla 4. Huyo kwa kanuni ni mtu mwingine, ingawa kila mtoto wa madrasa anajua ni jina lile lile. Na upande wa pili, Amina kuwa Amani ni herufi chache tu, lakini yawezekana kabisa ni watu wawili. Kwa hiyo kuhesabu herufi ni mwanzo mzuri, si mwisho wa hukumu.

Safari za ndani mnacho kitu bora kuliko kuhesabu herufi. Kitambulisho cha Mkenya kina nambari, na nambari haina lahaja. Haijui Fatma wala Fatuma. Mkiuliza nambari hiyo wakati wa kukata tiketi, karani wa Manda ataangalia nambari, ataangalia picha, ataangalia uso, na herufi moja ya jina haitamtisha. Safari ya Manda kwenda Nairobi haina viza, na hakuna afisa wa nchi nyingine anayengojea upande wa pili. Anachotaka kujua karani ni kama aliyekatiwa tiketi ndiye aliyesimama mbele yake. Kwa safari za nje nambari haitoshi, jina lazima lifuate pasipoti herufi kwa herufi, na hapo siwaombi mlegeze hata kidogo.

Ombi langu kubwa ni lile nililoliweka kichwani mwa barua. Karani anayeona tofauti na kuikubali, asiishie kwenye kukubali. Kama kaunta yake ina uwezo, asahihishe palepale, nafasi na tiketi zote mbili. Kama haina, na najua Manda mara nyingi haina, kwa kuwa ndege inageuza haraka na mtandao una siku zake, basi aandike maelezo kwenye nafasi ya abiria kwamba kitambulisho kimeonekana na mtu ni yeye, ili karani wa kurudi asianze upya. Na amwambie abiria kwa mdomo maneno machache tu: "Jina lako lina kosa, mimi nimekupitisha, ukiwa na ndege nyingine mbele nenda kwa aliyekukatia kabla ya leo jioni." Maneno hayo yangemwokolea mama mkubwa siku mbili na kikundi chake.

La pili ni ada. Kosa likionekana mapema, mathalani ndani ya siku moja tangu tiketi kukatwa, na ni la tahajia, msitoze kitu. Baada ya kukata mnatutumia ujumbe wa simu wenye saa ya ndege na uzito wa mzigo. Andikeni na jina kwa herufi kubwa kama lilivyo kwenye tiketi, na muulize kama ndivyo lilivyo kwenye kitambulisho. Mtu akinyamaza kisha akaja siku ya safari na kosa, mtozeni, na mimi nitamwambia amelipa uzembe wake. Lakini iwe ada moja, imeandikwa ukutani Manda na kwenye ofisi zenu za mjini, kwa Kiswahili, si ada inayotegemea karani ameamkaje.

Tena, wafundisheni vijana wenu kutofautisha kosa na sura ya mfumo. Mara nyingi mfumo hubandika jina na cheo pamoja, ikatoka FATUMAMRS, au ukayaunganisha majina mawili yakawa neno moja. Nimeona bibi wa Pate aitwaye Mwana Esha akirudishwa nyuma ya foleni kwa kuwa tiketi ilisema MWANAESHA. Hilo si kosa la mtu yeyote. Mifumo mingi haina nafasi wazi katikati ya majina. Hata kwenye pasipoti, kistari cha kuunganisha majina hugeuka alama ya kutenganisha katika ule mstari wa chini, na ile alama ya juu kama ya Ng'ang'a hupotea kabisa. Jina la kati likikosekana kwenye tiketi ya ndani, wengi wenu hamjali, na mnafanya vyema.

Yako yanayostahili kukataliwa, na sitawatetea watu wangu hapo. Mtu aliyekata tiketi kwa jina la utani. Mama aliyeandika jina la mumewe ilhali kitambulisho kina jina la babake. Tiketi iliyokatwa kwa jina la kaka, anasafiri mdogo wake. Na mtu aliyebadilisha jina kisheria lakini hakubeba hati ya kubadilisha jina wala hajapata kitambulisho kipya. Hao warudisheni, na mkiwarudisha waambieni sababu.

Kwa mawakala nina neno moja tu. Mteja akiwapigia kuhusu jina, msimwambie "limesahihishwa" mpaka mmetoa tiketi upya na mmesoma jina kwenye ile nambari ya tarakimu 13. Mtumieni tiketi mpya aione kwa macho yake. Na kama safari ina mashirika mawili, hakikisheni la pili nalo limeliona jina jipya, kwa kuwa kila shirika huweka nafasi yake kwa msimbo wake, na marekebisho ya huku yanaweza yasifike kule.

Mimi kwa upande wangu nimebadilisha kazi yangu kibandani. Simwandikii mtu tiketi kwa kusikia tena. Aniletee hati atakayosafiri nayo, hata kwa picha ya simu, nami nanakili kutoka ile mistari ya chini ya pasipoti, au kutoka kitambulisho kama hana pasipoti. Kisha namsomea herufi moja moja, naye hucheka, maana wengine ndiyo mara ya kwanza kusikia jina lao la serikali. Wiki iliyopita mzee mmoja wa Matondoni alinikatalia kabisa. "Huyo si mimi," alisema, akionyesha kitambulisho chake mwenyewe. Ilinibidi nimwombe radhi kwa niaba ya karani ambaye huenda alishastaafu zamani.

Nakala za barua hii nimezipeleka kwenye ofisi zenu za mjini, na moja nimemwachia kijana yule wa Manda. Ameisoma. Amesema angependa kuandika maelezo kwenye mfumo, ila hajawahi kuambiwa kama anaruhusiwa. Basi mjibuni yeye kwanza.

Wenu,
Mkata tiketi wa Langoni, Lamu